Kumtambulisha mgeni rasmi bila kudanganya: umwage sifa, usome sivii, au useme jambo moja tu?

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukianza, yani Septemba hivi mpaka mwishoni mwa Oktoba kabla vijana hawajaingia kwenye mtihani wa Novemba, sisi emsii wa mtaani tunakuwa bize balaa na swali linalorudi ni lile lile, mgeni rasmi nimtambulishe vipi? Watu wamezoea sifa. Usipozimwaga kamati inakuona umepoa, mkuu wa shule anaona umemshusha mgeni wake, na mgeni mwenyewe anaweza kukaa pale meza kuu kanuna mpaka jioni. Ukizimwaga, nusu ya watu waliokaa chini ya turubai wanajua unawaongopea na wanacheka pembeni. Kwa hiyo nimeona nilinganishe njia zinazotumika kwa mgeni mmoja yule yule, mtu achague kwa kuziona.

Chukulia ni sekondari ya kata, mgeni rasmi ni mfanyabiashara wa malori, mzaliwa wa pale pale, tumwite Bwana Fulani. Mwaka juzi alileta madawati 60. Mwaka huo huo akaahidi bweni la wasichana, akachimba msingi, ukaishia hapo, sasa hivi nyasi zimeota ndani na wanafunzi wanaanikia sare zao kwenye zile nondo zilizochomoza. Kwenye kadi ya mwaliko kaandikwa "Dkt." na ukiuliza udaktari wa nini unaambiwa ni wa heshima, alitunukiwa. Asubuhi ya siku yenyewe mkuu wa shule anakuvuta pembeni anakwambia, "Emsii, huyu mzee mpaishe kweli kweli, tunataka bati." Haya, umeshika maiki.

Njia ya kwanza ni ile tunayoijua wote, kumwaga:

"Wageni waalikwa, wakati tuliokuwa tunausubiri kwa hamu na gamu umefika! Mtu ninayemleta mbele yenu hahitaji utambulisho! Baba wa elimu, mtetezi wa wanyonge, jembe, mwamba, mtu aliyeibadilisha kabisa shule hii, hajawahi kutokea wala hatatokea kama yeye, ahadi yake ni deni na madeni yote amelipa, Mheshimiwa Daktari Fulani! Makofi ya kilo tafadhali, ya kilo!"

Tusiidharau hii njia. Inaamsha watu, na mahafali yanafika kwa mgeni rasmi saa nane mchana jua likiwa kali, wazazi wameshasikiliza risala ya wahitimu, taarifa ya shule, ngonjera na kwaya mbili, hapo bila sauti kupanda utawakuta wamelala. Afu sio kila neno lililomo mle ni uongo. "Jembe" na "mwamba" hakuna anayeyapima, ni chumvi na kila mtu anajua ni chumvi, kama vile mtani wako anavyokuita bosi. Hayo mimi siyapigi vita kabisa. Tatizo liko kwenye maneno mengine matatu ambayo yamejificha humo humo katikati ya chumvi na yenyewe ni madai ya kweli kabisa, yanaweza kuhakikiwa na mtu aliyekaa pale.

La kwanza, "ameibadilisha kabisa shule hii". Hapo mwalimu wa fizikia ambaye hana maabara anakuangalia. La pili, "hajawahi kutokea kama yeye". Hili linaumiza kuliko watu wanavyodhani, maana kwenye meza kuu utakuta amekaa diwani mstaafu aliyehangaika kupata kiwanja cha shule, na mwenyekiti wa zamani wa bodi, na paroko au shehe ambaye waumini wake walibeba mawe ya msingi. Umempandisha mmoja kwa kuwashusha watatu, na watatu wote wanatabasamu tu kwa sababu ni siku ya sherehe. La tatu ndo baya zaidi, "madeni yote amelipa", wakati lile bweni linaonekana kutoka pale ulipokaa.

Unajuaje imeharibika? Hutazomewa, watu wetu wana adabu. Dalili ya kwanza inatoka kwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu waliokaa nyuma, utasikia kicheko kifupi cha kubana pua, afu mwalimu wa nidhamu anageuka kuwaangalia. Dalili ya pili ni makofi yanayopigwa kwa mdundo uliotaka wewe na kukatika pale pale ulipokata, bila kigelegele hata kimoja kilichojitokeza chenyewe. Ya tatu ni mgeni mwenyewe akianza hotuba kwa kusema "emsii amenizidishia jamani", na hapo anatumia dakika zake za mwanzo kujipunguza ulichomuongezea. Wengine hawajipunguzi, ila wanaanza kujitetea kuhusu bweni ambalo hakuna aliyewauliza, kwa sababu wewe umeligusa bila kujua.

Njia ya pili ni kukimbilia sivii. Wengi wanaoogopa kudanganya wanakuja huku, wanaona ukisoma tu kilichoandikwa hutakosea:

"Mgeni rasmi alizaliwa katika kijiji hiki, akapata elimu ya msingi na baadaye sekondari, akajiunga na chuo cha biashara, akafanya kazi katika kampuni mbalimbali, ni mjumbe wa bodi mbalimbali, ameoa na ana watoto wanne, anapendelea kusoma na kusafiri..."

Hapa hujadanganya lakini hujamtambulisha mtu pia. Neno "mbalimbali" likitokea mara mbili ujue hata aliyeandika hakuwa na cha kusema. Na kitu ambacho watu hawakifikirii, sivii imeandikwa na mwenyewe au na msaidizi wake, sifa zimo humo humo ila zimevaa suti. "Mwanzilishi wa taasisi ya kusaidia vijana" inaweza kuwa taasisi yenye watu hamsini na ofisi, inaweza pia kuwa mhuri na namba ya simu. Ukiisoma kwa sauti yako kwenye maiki unakuwa umeithibitisha wewe.

Ila sivii ina mahali pake. Kwenye semina ya kitaalamu, mkutano wa madaktari, mafunzo ya wakulima, watu wanataka kujua huyu anayekuja kuniambia nipulizie dawa gani amesomea wapi na amefanya hiyo kazi muda gani. Hapo chukua mistari miwili ya sivii inayogusa mada ya siku hiyo, nyingine yote iache kwenye karatasi. Mtaalamu wa mihogo sihitaji kujua alikuwa kiranja.

Njia ya tatu ndo ninayoitumia mimi mara nyingi na ndo nataka nikae nayo kidogo. Unachukua jambo moja tu, alilolifanya kweli, linalowahusu watu waliokaa pale, na unalisimulia mpaka mtu alione. Bwana Fulani yule yule:

"Wazazi wangu, walimu, wahitimu wetu. Mwaka juzi mwezi wa pili, kidato cha kwanza B pale mwisho wa jengo walikuwa hawana hata dawati moja. Mtoto anakaa chini, daftari anaweka gotini, akiandika nusu saa mguu umekufa ganzi. Siku moja mchana likaingia lori getini, juu yake madawati sitini. Wale kidato cha kwanza B leo wako kidato cha tatu, wamekaa kule kushoto. Kidato cha tatu B, hebu simameni tuwaone! Wazazi, waoneni! ... Aliyeleta yale madawati amezaliwa kata hii hii, kazi yake ni malori, na leo amekuja kuwaaga kaka na dada zao. Mgeni rasmi wa mahafali yetu, Bwana Fulani, karibu sana!"

Soma tena uone ni sifa ngapi zimo. Hamna hata moja! Hakuna jembe, hakuna baba wa elimu, na bado hiyo itapigiwa makofi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu pale wanafunzi wanaposimama watu wanapiga makofi wenyewe kabla hujawaomba, mama zao watatoa vigelegele, afu wewe unalipanda lile wimbi na jina unalitupia juu yake. Watu waliokuja kwenye mahafali hawajaja na daftari la kuhesabu umetaja sifa ngapi, wanachokitaka ni ule msisimko, wapate sababu ya kusimama na kupiga kelele. Wape msisimko wote wanaoutaka, ila uufunge kwenye kitu kilichotokea.

Sasa kuna vitu vidogo vinavyoifanya ifanye kazi au ife. Jina linakuja mwisho, na linatajwa mara moja. Ukilitaja mwanzoni watu wanapiga makofi, mgeni ananyanyuka, afu we bado unaongea, anabaki amesimama nusu nusu na kofia mkononi hajui akae au aje. Mtu wa muziki muambie mapema neno gani ndo ishara yake, hapo juu ni "karibu sana", asiingize wimbo kwenye "simameni tuwaone". Urefu usizidi dakika mbili, kwa mwendo wa kawaida wa maiki hiyo ni kama maneno mia mbili, ya hapo juu hata mia hayafiki. Na ile idadi, sitini, usiichukue kwa mkuu wa shule akiwa na haraka zake, muulize mwalimu anayetunza leja ya vifaa. Ukisikia mmoja anasema sitini na mwingine anasema "kama mia hivi", sema "lori la madawati" uachane na namba, maana kwenye umati ule kuna mtu aliyeyashusha kwa mikono yake na anajua yalikuwa mangapi.

Na bweni je? Hili ndo swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza hii kazi, kwamba si nimeficha? Kwa maoni yangu hapana. Utambulisho sio ukaguzi, una haki ya kuchagua jambo moja na kuacha mengine. Ulichokatazwa ni kusema neno litakalomfanya mgeni wa mbali, mzazi aliyetoka mkoa mwingine leo asubuhi, aondoke akiamini bweni lipo. Kwa hiyo "amejenga" haisemwi, "miradi yake" haisemwi, "ahadi amezitimiza" haisemwi. Bweni lina mahali pake rasmi, taarifa ya shule anayoisoma mkuu, kule liandikwe vizuri kwamba msingi umekamilika na kazi imesimama, kwa heshima, na mgeni atalijibu kwenye hotuba yake akitaka. Ukilitia wewe kwenye utambulisho kwa mafumbo, ile ya "mtu wa kuanzisha mambo makubwa huyu, msingi tunauona", watu watacheka sana na umemdhalilisha mtu uliyemwalika. Kuwa mkweli hakukupi leseni ya kumchoma mtu hadharani.

Turudi kwa mkuu wa shule na bati zake, maana hapa ndo penye mzizi. Sifa nyingi za kwenye sherehe zetu sio adabu tu, ni malipo ya awali. Unamwita mtu "hajawahi kutuangusha" mbele ya watu mia tano ili akifika kwenye ahadi aone aibu kutaja kidogo. Mgeni mwenyewe anajua, ndo maana wengine wanakuja na bahasha mbili, ndogo na kubwa, wanasikilizia. Kenya mchezo huu kwenye harambee ulifika mahali Julai 2024 Rais Ruto akatangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee, baada ya kelele nyingi za vijana kuhusu viongozi wanaokuja kumwaga mamilioni yasiyojulikana wameyatoa wapi. Sifa za maiki zilikuwa sehemu ya mchezo ule ule, anayetoa zaidi anasifiwa zaidi, na anayesifiwa zaidi inabidi atoe zaidi.

Kwa hiyo mkuu akiniambia mpaishe tunataka bati, namjibu, "Sawa mkuu, nitampaisha kwa madawati, hayo tunayo mkononi. Bati uziombe mwenyewe kwenye taarifa, utaje na idadi, ataelewa." Wengi wanakubali, maana hata wao wanajua ombi lenye idadi linajibika kuliko sifa. Anayekataa namuomba kitu kimoja, hilo neno kubwa alilolitaka, "baba wa elimu", aliseme yeye akisimama kumkaribisha. Itifaki ya mahafali mengi inamruhusu, emsii anamkaribisha mkuu wa shule au mwenyekiti wa bodi na yeye ndo anamkaribisha mgeni rasmi. Mara nyingi akishaambiwa aliseme kwa mdomo wake analipunguza mwenyewe.

Kuhusu ile "Dkt." kwenye kadi. Vyeo vya mbele ya jina sio chumvi, ni madai yenye wenyewe. Injinia ana bodi yake, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na shahada za nje ya nchi zinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Udaktari wa heshima ni kitu halali chuo halali kikiutoa, ila haufanani na ule wa kusomea, na ukisema "Daktari Fulani" mbele ya wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wanaelewa huyu mzee alisoma miaka mingi. Mimi napenda kusema kitu kizima, "ambaye chuo fulani kilimtunuku udaktari wa heshima", nataja na chuo. Msaidizi wake akiwa hawezi kukutajia chuo, au jina la chuo likiwa halieleweki eleweki, basi unatumia cheo kisicho na ubishi, "mwenyekiti wa kampuni", "mjumbe wa bodi ya shule yetu", "Bwana". Hakuna atakayelalamika hadharani kwamba hujaniita daktari. Msaidizi anaweza kununa kwenye wasapu usiku, hiyo utaibeba.

Hayo yote yanajulikana kwa simu moja ya siku moja kabla. Piga kwa msaidizi au kwa mgeni mwenyewe kama mnafahamiana, "Shikamoo mzee, mimi ndo emsii wa kesho", muulize jina analotaka litajwe na linatamkwaje, cheo chake cha sasa ni kipi (watu wengi wanatambulishwa kwa vyeo walivyoviacha zamani, neno "aliyekuwa" halimuui mtu), na afu muulize yeye mwenyewe anakumbuka nini kuhusu shule hii. Hili la mwisho ndo lina hazina, maana mtu akiulizwa sifa zake anakutumia sivii, akiulizwa anakumbuka nini anakwambia alikuwa anavuka mto amebeba viatu mkononi. Hilo jambo la viatu ni lake, ni la kweli, na wanafunzi wa pale bado wanavuka mto ule ule. Unaona sasa utambulisho umejiandika.

Njia ya nne ni kutompamba wewe kabisa, unampa maiki mtu mwenye haki ya kumsifu. Mwanafunzi wa kile kidato, mzazi, fundi, mwalimu wa darasa. Faida yake ni kubwa, sifa ikitoka kwa aliyefaidika hata ikizidi kidogo watu wanaielewa, ni shukrani, na shukrani ina haki ya kuzidi. Wewe mshereheshaji hukukaa chini bila dawati, unashukuru nini?

Lakini ina hatari zake na nimeziona mara nyingi kwa wenzangu. Mtoto anaandikiwa na mwalimu, utamsikia binti wa miaka kumi na tano anasema "mlezi mahiri na mwanamaendeleo nguli", hiyo ni njia ya kwanza imevalishwa sare ya shule na ni mbaya zaidi kwa sababu mmemfundisha mtoto kudanganya mbele ya wazazi wake. Mzazi naye akishika maiki hairudi, ataanzia mwaka alioolewa. Dawa ni kutompa maiki mkononi, ishike wewe, umuulize maswali mawili tu kama mtangazaji: "Mama, mwanao yuko kidato gani?" na "Mwaka juzi alikuwa anakaa wapi darasani?" Akijibu "chini", maiki inarudi kwako, umemaliza, unaita jina. Hapo umepata ushuhuda wa sekunde ishirini ambao hakuna maandalizi yangeutoa.

Nikiziweka sambamba kwa ufupi, kwenye mahafali na sherehe za kata chagua ya tatu, ukipata mtu mzuri ichanganye na ya nne. Kwenye changizo lolote, msikiti, kanisa, zahanati, nenda ya nne lakini kuwa mkali zaidi na idadi kwa sababu hela zinahusika. Kwenye semina mistari miwili ya sivii inatosha. Kwenye arusi, baba mlezi au mwenyekiti wa kamati, hapo legeza, utani na chumvi vinaruhusiwa sana maana hakuna anayechukua uamuzi wowote kwa ulichosema, ila bado usiseme kalipia ukumbi kama waliochanga ni kamati nzima, watu wana ile orodha ya michango kwenye simu zao. Njia ya kwanza peke yake nawaachia wa majukwaa ya kampeni, kule kila mtu anajua amekuja kusikiliza nini. Na kuweni makini mwaka wa uchaguzi, ule wa 2025 ulikuwa Oktoba, ndani kabisa ya msimu wa mahafali, mgeni rasmi anaweza kuwa mgombea na "mtetezi wa wanyonge" yako ikawa kampeni ndani ya uzio wa shule bila wewe kukusudia. Mwaka kama huo hata njia ya tatu chagua jambo la zamani, lililofanyika kabla hajachukua fomu.

Imebaki hali moja ambayo haiko kwenye njia zote nne na inatokea kila msimu, mgeni rasmi hakuja. Umeandaa utambulisho wa Mkuu wa Wilaya, saa sita na nusu linaingia gari, anashuka afisa tarafa, "amemwakilisha". Nimeshuhudia emsii anasoma zile zile sifa za Mkuu wa Wilaya huku yule afisa amesimama anaangalia viatu vyake, na mwisho jina lake akalikosea. Pale chana karatasi. Muulize wakati anasaini kitabu cha wageni, dakika moja inatosha, anafanya kazi gani na kata hii anaijua kwa lipi. Afu useme ukweli wote, wala hauna aibu yoyote: "Tulimwalika Mkuu wa Wilaya, amepata dharura ya kikazi, amemtuma mtu ambaye barabara ya kuja hapa anaijua kuliko yeye, kwa sababu kila wiki anaipita kwa pikipiki kwenda kwenye vijiji vya tarafa yake. Afisa tarafa wetu..." na kama hiyo dharura hukuambiwa ni ya kikazi, sema "hakuweza kufika", basi.